Sikio Lisizibwe

Damu ikitoka sikioni baada ya ajali, kila aliyepo huiona na kushtuka. Maji hayamshtui mtu. Hutoka kidogo kidogo, hayana rangi wala harufu, na mara nyingi siku za mwanzo huwa yamechanganyika na damu, kwa hiyo wanaouguza hudhani ni jeraha linalokauka. Siku ya kwanza kitambaa kinatoka chekundu, siku ya pili cha waridi, siku ya tatu kimelowa tu. Ndugu wanashukuru kwamba damu imekata. Ni kweli imekata, lakini huenda kinachoendelea kutoka sasa ni maji yanayouzunguka ubongo, na njia yanayotokea ni njia ambayo vijidudu vinaweza kuingilia.

Katika sura hii nitawafuata wagonjwa wawili. Wote nimewasuka kutokana na mambo yanayojirudia wodini, hivyo msomaji asiwatafute mtaani. Mmoja sikio lake lililowa na mwingine lilikauka kabisa, na aliyepata hasara kubwa zaidi ni huyo wa sikio kavu.

Kwanza tuutazame mfupa wenyewe. Ukipitisha kidole nyuma ya sikio lako utagusa nundu ngumu. Hiyo ni sehemu ya mfupa wa panja, mfupa unaoanza pembeni mwa kichwa na kuingia ndani kuelekea katikati ya sakafu ya fuvu. Sehemu yake ya ndani ni miongoni mwa mifupa migumu kabisa mwilini, na haikufanywa ngumu bure. Humo ndimo ilimojificha koklea, kile kijumba chenye umbo la konokono kinachogeuza mtikisiko wa sauti kuwa habari za neva. Pembeni yake kuna mifereji mitatu ya kupimia mwendo wa kichwa, ambayo bila hiyo tusingeweza kutembea gizani bila kuyumba. Neva inayoendesha misuli ya uso nayo hupita humo humo, katika kijimfereji chembamba cha mfupa. Mbele ya koklea, upande wa nje, kuna chumba kidogo chenye hewa, na ndani yake vifupa vitatu vilivyoungana: nyundo, fuawe na kikuku. Vifupa hivyo huibeba sauti kutoka ngoma ya sikio hadi koklea.

Dari ya chumba hicho cha hewa ni bamba jembamba la mfupa, na juu ya bamba hilo umelala ubongo ukiwa ndani ya utando wake uliojaa maji. Kwa hiyo kati ya maji ya ubongo na hewa ya nje kuna kuta tatu tu: utando, bamba la mfupa, na ngoma ya sikio. Pigo kubwa la kichwa likipasua zote tatu kwa pamoja, maji hutokea sikioni. Likipasua mbili za kwanza na kuiacha ngoma nzima, maji hujaa ndani ya sikio na kutafuta mlango mwingine, na mlango huo upo, kama tutakavyoona kwa mgonjwa wa pili.

Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji hayo kwa wakati mmoja, kuzunguka ubongo na uti wa mgongo, na mwili hutengeneza karibu mililita 500 kila siku. Maana yake ni kwamba yanabadilishwa yote zaidi ya mara tatu kwa siku. Hivyo yanayovuja sikioni, yakiwa matone au hata kijiko kila baada ya muda, si hasara itakayomaliza akiba. Mgonjwa anaweza kuumwa kichwa kinachozidi akiketi na kupungua akilala, basi. Hatari iko katika ule ufa. Maji yanapopata njia ya kutoka, bakteria wa sikio na koo nao wamepata njia ya kuingia, na wakifika kwenye utando wa ubongo ugonjwa unaofuata ni homa ya uti wa mgongo.

Mgonjwa wa kwanza ni fundi cherehani wa Morogoro, mwanamume wa miaka 34. Alikuwa abiria wa bodaboda, na kofia ngumu ilikuwa moja tu, ya dereva. Pikipiki iliteleza kwenye mchanga penye kona, naye akapiga upande wa kushoto wa kichwa kwenye ukingo wa barabara. Alizimia dakika chache. Ndugu walichukua fomu ya PF3 polisi, akashonwa jeraha kwenye kituo cha afya, akalazwa usiku mmoja akichunguzwa kama anazinduka vizuri, kisha akaruhusiwa. Sikio la kushoto lilikuwa likitoa damu kidogo. Kituoni walipangusa. Nyumbani dada yake aliliziba kwa pamba, akaibadilisha asubuhi na jioni, na akawa anafikiria kudondoshea mafuta ya nazi ya vuguvugu, kama alivyofanyiwa yeye utotoni alipoumwa sikio.

Siku ya tatu mambo mawili yalitokea. Nyuma ya sikio, juu ya ile nundu, palivilia damu pakawa pa rangi ya zambarau, ingawa hapakuwa pamepigwa. Na foronya ilikutwa imelowa. Jirani yao, muuguzi mstaafu, alipokuja kumjulia hali alitazama foronya kabla hajamtazama mgonjwa.

"Hiyo pamba nani kaiweka?"

"Mimi, mama. Sikio lilikuwa linachuruzika."

"Itoe, mwanangu. Liache lichuruzike. Na hayo mafuta rudisha kabatini."

Tundu la sikio halikosi bakteria hata kwa mtu mzima wa afya. Wanaishi kwenye nta na ngozi bila kumdhuru mtu, maana ngoma ya sikio imefunga mlango. Ngoma ikichanika na juu yake ukashindilia pamba, maji yanatuama, pamba inageuka tandiko lenye unyevu na joto, na wale bakteria wanazaliana mlangoni kabisa pa ufa. Mafuta, maji ya kitunguu, maziwa ya mama, matone ya dukani yasiyoandikwa na daktari, kuliosha sikio kwa bomba, kuchokonoa kwa kijiti: vyote vina kosa hilo moja la kusukuma kitu ndani, wakati kinachotakiwa ni maji yatoke. Kinachofaa ni kitambaa safi au shashi iliyolazwa juu ya sikio kwa nje bila kubana, ibadilishwe ikilowa, na zile zilizolowa zitunzwe ili daktari azione. Huwa nashangaa jinsi familia zinavyofua mashuka na kumwosha mgonjwa vizuri kabla ya kwenda hospitali, kwa heshima tu, kumbe wanaosha ushahidi.

Muuguzi alitaka kuonyeshwa lile doa la foronya. Katikati palikuwa pekundu, na kuzunguka wekundu huo palikuwa na duara pana lililofifia. Damu ikichanganyika na maji ya ubongo juu ya kitambaa cheupe, damu hubaki katikati na maji mepesi hutambaa nje. Dalili hii inajulikana sana, na inafaa kumshtua mtu aende hospitali, lakini haiwezi kuapiwa. Damu iliyochanganyika na maji ya bomba, mate au machozi nayo huchora duara kama hilo. Vivyo hivyo kile kijiti cha kupimia sukari: ni kweli maji ya ubongo yana glukosi, lakini hata damu inayo, na sikio lililojeruhiwa lina damu. Kipimo cha maabara kinachoaminika hutafuta protini iitwayo beta-2 transferini, ambayo haimo katika damu ya kawaida, machozi wala makamasi. Watafiti wa Finland walionyesha matumizi yake mwaka 1979, na mpaka leo ndicho kipimo cha kutegemewa, ila maabara zinazokifanya ni chache. Pale ambapo hakipo, daktari hutumia macho. Je, majimaji ni mepesi kama maji, au yanavutika? Je, yanazidi mgonjwa akiinama au akijikaza? Kitambaa kikikauka kinakuwa kigumu, kama kilichopigwa kamasi, au kinabaki laini? Maji ya ubongo hayaachi ugumu.

Lile vilio la damu nyuma ya sikio nalo lina historia yake. Daktari mpasuaji wa London, William Henry Battle, alilieleza mwaka 1890, na madaktari duniani kote bado wanalitaja kwa jina lake. Damu kutoka ufa wa ndani husafiri taratibu hadi chini ya ngozi, ndiyo maana hutokea baada ya siku moja au mbili, mgonjwa akiwa ameshapelekwa nyumbani. Kukosekana kwake saa chache baada ya ajali hakusemi lolote. Tundu la sikio linaweza kutoa damu kwa kukwaruzwa tu, lakini damu ya sikioni, vilio la nyuma ya sikio na foronya iliyolowa, vikiwa pamoja baada ya kichwa kupigwa, ni ufa wa sakafu ya fuvu mpaka picha ikanushe.

Katika hospitali ya rufaa ya mkoa jambo la kwanza halikuwa sikio. Daktari aliangalia kama mgonjwa anajitambua, kama mboni za macho ziko sawa, kama anatapika au anazidi kusinzia, kama mkono au mguu umelegea. Damu inayokusanyika ndani ya fuvu huua kwa saa, na sikio linaweza kusubiri. Fundi wetu alikuwa timamu, ila alisema sikio la kushoto limekufa kabisa.

Hapo daktari alitoa uma wa sauti, kipande cha chuma chenye meno mawili kinachotetema mara 512 kwa sekunde. Aligonga uma, akausimamisha katikati ya paji la uso, akauliza, "Unausikia upande gani?" Fundi alijibu kwamba anausikia kushoto. Akajishtukia kwa jibu lake, maana ndilo sikio alilosema limekufa.

Daktari alifurahi kwa jibu hilo kuliko jibu lolote lingine ambalo angepewa siku hiyo. Sauti ya uma uliowekwa kwenye mfupa haipiti kwenye ngoma wala vifupa; husafiri ndani ya fuvu hadi koklea zote mbili moja kwa moja. Sikio lililozibwa na damu, au ambalo vifupa vyake vimeachana, halipati kelele za nje, kwa hiyo ile sauti ya mfupa husikika humo kwa nguvu zaidi. Koklea ikiwa yenyewe ndiyo imevunjika, hakuna wa kupokea, na sauti hukimbilia upande mzima. Kwa hiyo jibu la "kushoto" lilikuwa na maana kwamba mtambo wa kusikia uko hai na kilichoharibika ni njia ya kuufikia. Msomaji anaweza kuliona hili mwenyewe: ziba sikio moja kwa kidole, kisha vuma kwa mdomo uliofumbwa. Mvumo utahamia upande uliozibwa. Kipimo hicho kinatokana na Mjerumani Ernst Heinrich Weber, miaka ya 1830. Hakihitaji umeme na kinachukua nusu dakika, na mara nyingi ndicho kinachorukwa, kwa sababu kila mtu anasubiri picha.

Picha nayo ilipigwa, siti skani ya vipande vyembamba chini ya milimita moja. Skani ya kawaida ya kichwa hukata vipande vinene na inaweza kuuruka ufa huu. Ufa ulianzia juu ya tundu la sikio ukapita darini mwa kile chumba cha hewa, ukaiacha koklea salama. Kwa bahati, zaidi ya tisa katika kila kumi ya mivunjiko ya mfupa wa panja iko hivi: ule ugumu wa mfupa unaozunguka koklea huulazimisha ufa upite kando.

Matibabu ya uvujaji yaliwashangaza ndugu kwa uchache wake. Kitanda kiliinuliwa upande wa kichwa kiasi cha nyuzi 30. Mgonjwa aliambiwa asipenge kamasi, akipiga chafya afungue mdomo, asinyanyue kitu, na akapewa dawa ya kulainisha choo ili asijikaze msalani. Kila kujikaza huongeza msukumo wa maji kichwani na kuufungua upya ufa unaotaka kujifunga. Wauguzi walikuwa wakiandika mara ngapi shashi imelowa. Kaka yake alimfuata daktari koridoni. "Daktari, siku ya pili hii hajachomwa hata sindano moja ya kuua vijidudu. Tumekosa nini?"

Swali lake lina haki. Kwa miaka mingi mtu aliyevuja alipewa antibayotiki za kinga. Tafiti zilipokusanywa na kupimwa pamoja hazikuonyesha kwamba dawa hizo zinazuia homa ya uti wa mgongo, na zinaweza kuwaacha hai wale bakteria sugu peke yao. Madaktari bado wanatofautiana, na wapo wanaozitoa kwa sababu maalumu, kwa mfano jeraha chafu lililo wazi. Lakini kutopewa si kutelekezwa. Kinachofanyika ni kumchunga mgonjwa: joto kupimwa kila baada ya saa kadhaa, na homa, shingo kukakamaa au fikra kuvurugika kuchukuliwa kuwa dharura.

Na kuna sababu ya kuwa na subira. Mwaka 1997 madaktari wawili wa California, Brodie na Thompson, walichapisha hesabu ya mivunjiko 820 ya mfupa wa panja. Waliovuja maji walikuwa 122. Kati yao 95 walikauka wenyewe ndani ya siku 7, na wengi wa waliobaki wakakauka katika wiki ya pili. Walioendelea kuvuja kupita siku 7 ndio walioshikwa zaidi na homa ya uti wa mgongo. Ndiyo maana wiki moja imekuwa mpaka. Ikipita bila dalili ya kupungua, madaktari hufikiria kuweka mrija mwembamba kiunoni wa kupunguza msukumo wa maji, na hilo likishindikana, upasuaji wa kuziba ufa kwa kipande cha utando au mafuta ya mgonjwa mwenyewe. Fundi alikauka siku ya tano wodini.

Kusikia kulichukua muda mrefu zaidi. Damu iliyojaa nyuma ya ngoma huhitaji wiki tatu hadi sita kunyonywa, na ngoma iliyochanika kwa kawaida hujifunga yenyewe ikiachwa kavu. Kumpima mtu kabla ya hapo ni kupima damu. Baada ya wiki sita alipimwa kwenye chumba kisicho na kelele. Koklea ilisikia vizuri kwa njia ya mfupa, lakini kwa njia ya hewa sauti ilibidi iongezwe hadi desibeli 50 ndipo aisikie, yaani mazungumzo ya kawaida aliyaambulia kwa shida. Ngoma ilikuwa imepona. Basi kama damu imeisha na ngoma ni nzima, sauti inakwamia wapi? Kwenye vifupa. Nyundo ina msuli wake na imeshikana na ngoma, kikuku nacho kina msuli na kimekaa kwenye dirisha la koklea. Fuawe, katikati, haina msuli wowote wa kuishika, imening'inia kwa kano tu, na ndiyo inayochomoka. Kiungo chake na kikuku ndicho kinachoachana mara nyingi kuliko vyote.

Daktari alimwambia asubiri mpaka miezi mitatu itimie, maana wengine huimarika. Hakuimarika. Alichagua kufanyiwa upasuaji, na mpasuaji aliunganisha tena mnyororo kwa kuichonga fuawe yake mwenyewe na kuipachika juu ya kikuku. Angeweza kuchagua kifaa cha kusaidia kusikia na kikamfaa vizuri tu, kwa kuwa koklea ilikuwa nzima. Sasa anasikia, si kama zamani, lakini hamgeuzii mteja sikio la kulia.

Mgonjwa wa pili ni mpakiaji mizigo wa miaka 41. Alianguka kutoka juu ya fuso iliyobeba mahindi, kisogo kikapiga lami. Sikio lake la kulia halikutoa damu wala maji. Ngoma ilikuwa nzima, ila nyuma yake palionekana pa buluu iliyokoza. Alikuwa akitapika mfululizo, na akifungua macho dunia inazunguka. Mboni zilikuwa zikicheza upande kwa upande. Nusu ya kulia ya uso ilikuwa imelegea, jicho halifumbi, na daktari wa zamu aliandika saa aliyoiona hali hiyo. Saa hiyo ni muhimu. Uso unaolegea siku kadhaa baada ya ajali huwa umevimba neva, na kwa kawaida hurudi. Uso uliolegea tangu dakika ya kwanza unaweza kuwa na neva iliyokatika. Kama hakuna aliyeandika, wiki mbili baadaye hakuna wa kuzitofautisha.

Uma ulipowekwa kwenye paji lake, aliusikia kushoto, upande mzima. Hakuna aliyefurahi. Skani ilionyesha ufa uliokata mfupa kwa upana, ukapita katikati ya koklea na ile mifereji ya mizani. Kusikia kwa sikio hilo kuliisha siku ile na hakuna dawa wala upasuaji wa kukurudisha. Kizunguzungu kilipungua ndani ya wiki chache, kwa kuwa ubongo hujifunza kutumia mizani ya upande mmoja. Uso ulirudi nusu.

Wodini alilalamika kwamba anameza kitu cha chumvi. Walidhani ni damu. Nyumbani alianza kutokwa na maji puani, tundu la kulia tu, hasa akiinama kufunga kamba za viatu, na kwenye duka la dawa akapewa vidonge vya mafua. Huu ndio ule mlango mwingine. Chumba cha hewa cha sikio kina mrija unaoshuka hadi nyuma ya pua, ule unaotupiga "tok" masikioni basi likishuka mlima. Ngoma ikiwa nzima, maji ya ubongo hushuka na mrija huo. Mafua hutoka pande zote mbili, yanavutika na huisha. Maji ya tundu moja, mepesi, yanayodondoka mtu akiinama, baada ya kuvunjika fuvu, hayana uhusiano na mafua hata kama pua yenyewe haikuguswa.

Yalikauka baada ya siku kumi na moja bila upasuaji. Kwa fundi cherehani kukauka kulikuwa kupona. Kwa mpakiaji haikuwa hivyo, na sababu iko katika jambo moja ambalo wagonjwa wachache huambiwa. Mfupa wa mguu ukivunjika hujaza ufa kwa mfupa mpya. Ganda la mfupa linaloizunguka koklea halina tabia hiyo. Ufa wake hujifunga kwa nyuzi laini tu, na hubaki hivyo maisha yote. Maji hayavuji tena, lakini siku mtu anaposhikwa na maambukizi ya sikio la kati, jambo la kawaida kabisa, bakteria wanaweza kupenya pale pale, hata miaka mingi baadaye. Mara nyingi ni wale wale wanaosababisha nimonia, na kwa hiyo mtu wa aina hii hupendekezewa chanjo dhidi yao hata akiwa mtu mzima. Mpakiaji hakuwa ameambiwa aipate.

Mwaka wa tatu alishikwa na mafua, kisha sikio la kulia likauma, kisha usiku mmoja homa kali, kichwa, na mwanga ukawa unamtesa. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mkewe ndiye aliyemwambia tabibu, bila kuulizwa, kwamba mumewe aliwahi kuvunjika mfupa wa sikio upande huo huo. Tabibu alikunja shingo ya mgonjwa, akaikuta imekakamaa, akamwanzishia dawa ya sindano hapo hapo na kuagiza gari. Maji ya mgongoni yaliyochotwa hospitalini yalikuwa na ukungu.

Alipona. Wiki kadhaa baadaye, mpasuaji alisafisha kile chumba cha hewa, akaziba mrija wa kwenda puani, akajaza nafasi yote kwa mafuta yaliyokatwa tumboni mwa mgonjwa, na kulishona tundu la sikio kwa nje lisifunguke tena. Operesheni hiyo hufanywa kwa sikio ambalo halina cha kupoteza.

Lililokuwa na cha kupoteza ni la kushoto. Homa ya uti wa mgongo huweza kuingia ndani ya koklea nzima na kuiua, na koklea iliyoungua hivyo huanza kujaa mfupa ndani ya wiki chache, kiasi kwamba hata kifaa cha kupandikiza hakipati pa kupita. Kwa hiyo mtu mwenye sikio moja tu linalosikia hupimwa kabla hajatoka wodini, bila kungoja alalamike, na hupimwa tena ndani ya mwezi. Mpakiaji alipimwa mara zote mbili. La kushoto lilikuwa desibeli 15 mara ya kwanza na 15 mara ya pili, na siku hiyo hiyo ya pili alichomwa ile chanjo.